Si kila ahadi ni deni: wafugaji na wafanyabiashara watazame saa ya ahadi

Wahenga walisema ahadi ni deni. Wengi wanaokwenda kwenye minada ya mifugo huutegemea msemo huo, na wengi umewatia hasara. Mbele ya hakimu nchini Kenya, ahadi huwa deni pale tu aliyeahidiwa alipotoa kitu ili aipate.

Chukulia mfugaji anayenunua mtamba kwa Sh90,000. Bei inakubaliwa, pesa zinahesabiwa na kamba inakabidhiwa mnunuzi. Mnyama akiwa anapakiwa kwenye pikapu, muuzaji anasema: "Usiwe na wasiwasi, huyu ana mimba ya miezi minne. Ukikuta hana, nitakurudishia Sh20,000." Wiki mbili baadaye daktari wa mifugo anampima mtamba na kukuta hana mimba. Muuzaji anapopigiwa simu anakataa kutoa chochote. Mnunuzi anakwenda mahakamani na mashahidi watatu walioisikia ahadi hiyo kwa masikio yao. Hata mashahidi wote wakiaminiwa, dai hilo la Sh20,000 linaweza kuanguka.

Sababu ni hii. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inafuata kanuni za mikataba za Uingereza, na kanuni hizo husimama juu ya nipe nikupe. Kila upande sharti utoe kitu, au uahidi kukitoa, kwa ajili ya kile unachopewa. Sh90,000 zilitolewa kwa ajili ya mtamba, na biashara ikaisha hapo. Ahadi ya Sh20,000 ilikuja baadaye, na mnunuzi hakuongeza hata senti moja ili aipate. Kilichokwisha kutolewa jana hakinunui ahadi ya leo.

Jambo hili liliamuliwa Uingereza mwaka wa 1842 katika kesi ya Roscorla dhidi ya Thomas, nayo ilihusu farasi. Mnunuzi alikuwa amekwisha nunua farasi kwa pauni 30. Baada ya mauzo, muuzaji akaahidi kwamba mnyama huyo ni mzima na hana tabia mbaya. Farasi akaonekana kuwa mkorofi. Mnunuzi alishindwa kwa sababu ahadi ilitolewa baada ya mauzo kukamilika.

Kanuni hii yaonekana kali, lakini ina maana yake. Jirani akimtoa ng'ombe wako mtaroni bila kuombwa, nawe kwa furaha ukasema utampa mbuzi, hiyo ni shukrani. Kama kila neno la shukrani lingekuwa deni la kudaiwa kortini, watu wangeogopa hata kusema asante. Sheria imeiacha shukrani mikononi mwa dhamiri ya mtu.

Hata hivyo, yapo mambo mawili yanayoweza kumwokoa mdai. La kwanza ni kazi iliyoombwa. Mkulima akimwita mwenye trekta amlimie ekari mbili bila kutaja bei, na baada ya kazi akasema atalipa Sh6,000, ahadi hiyo ina nguvu. Kazi ilifanywa kwa ombi lake, na tangu mwanzo wote wawili walijua kwamba mwenye trekta halimi bure. Bei iliyotajwa baadaye inakamilisha tu mapatano yaliyokuwepo. La pili ni maneno yaliyotangulia malipo. Laiti muuzaji wa mtamba angalitaja mimba wakati wa kupatana bei, na mnunuzi akakubali kwa sababu hiyo, maneno hayo yangehesabiwa kuwa sehemu ya mauzo, au kuwa maelezo ya uongo yaliyomshawishi anunue. Swali la hakimu litakuwa: yalisemwa kabla au baada ya pesa kutoka?

Hapo ndipo baadhi ya watu hukimbilia kanuni nyingine, ile inayomzuia mtu kuikana ahadi yake baada ya mwenzake kuitegemea. Kanuni hii ipo na ina manufaa, lakini kazi yake ni tofauti.

Chukulia mwenye duka la pembejeo anayelipa kodi ya Sh12,000 kwa mwezi. Barabara inafungwa kwa ujenzi na wateja wanapungua. Mwenye jengo anamwambia alipe Sh7,000 hadi barabara ifunguliwe. Mwenye duka anaamini, anaacha mpango wa kuhama, na analipa hivyo kwa miezi minane. Barabara inapofunguliwa, mwenye jengo anadai Sh5,000 za kila mwezi uliopita, jumla Sh40,000. Kwa kanuni ya nipe nikupe peke yake angeshinda, kwa kuwa mwenye duka hakutoa kitu kipya ili apunguziwe kodi. Lakini mahakama inaweza kumzuia asidai. Ahadi yake ilikuwa wazi, mwenzake aliifuata, na kuigeuka sasa ni dhuluma.

Msingi wa kinga hiyo uliimarishwa mwaka wa 1947 na Jaji Denning katika kesi ya majengo ya High Trees ya London. Kodi ya pauni 2,500 kwa mwaka ilikuwa imepunguzwa nusu mwaka wa 1940, kwa kuwa vita vilifanya nyumba zikose wapangaji. Jaji alisema kodi kamili ingeweza kudaiwa tena baada ya hali kutengemaa mwaka wa 1945, lakini ile iliyosamehewa katika miaka ya vita isingedaiwa. Ni vivyo hivyo kwa mwenye duka wetu: Sh40,000 hazilipi, lakini kodi ya Sh12,000 inarudi.

Kinga hii ina mipaka. Mwaka wa 1951, katika kesi ya Combe dhidi ya Combe, mahakama ya rufani ya Uingereza ilieleza kwamba kanuni hii ni ngao, si upanga. Inamkinga anayedaiwa, bali haimpi mtu haki mpya ya kudai. Kwa hiyo mnunuzi wa mtamba hawezi kuitumia kuzipata zile Sh20,000. Tena haimsaidii mdaiwa aliyembana mdai mwenye shida hadi akakubali kupokea pungufu.

Wanaofanya biashara mpakani wafahamu kwamba Tanzania inafuata sheria ya mikataba yenye asili ya India, na huko ahadi ya kumfidia mtu aliyekwisha kukufanyia jambo kwa hiari inaweza kuwa na nguvu. Anayeuza Namanga au Taveta ajue mkataba wake unatawaliwa na sheria ya upande gani.

Kwa upande wa Kenya, dawa si ngumu. Vyama vya ushirika na wasimamizi wa minada waongeze katika stakabadhi zao mstari mmoja wa kuandika hali ya mnyama na dhamana ya muuzaji, ujazwe kabla ya pesa kuhesabiwa. Ahadi ikija baada ya malipo, mnunuzi aongeze kitu kipya kwa ajili yake, hata Sh500, na iandikwe kwamba pesa hizo ni za dhamana hiyo. Mahakama haipimi kama kitu hicho ni kikubwa au kidogo, inatazama tu kama kimetolewa. Naye aliyepunguziwa kodi au deni aombe maandishi, hata ujumbe wa simu, yenye tarehe na muda wa punguzo.

Mahakama za madai madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mauzo ya mifugo kama haya yanafaa kufikishwa huko. Lakini hakimu hawezi kumpa mnunuzi ahadi ambayo hakuilipia.