Dada, naomba uwe mdhamini wangu

Mwaka juzi simu yangu iliita nikiwa kwenye foleni pale Morocco, hapa Dar. Mama mmoja mwenye sauti ya kiofisi akaniuliza kama namfahamu kijana fulani, kwani ameniandika kuwa mdhamini wake kwenye maombi ya kazi. Jina nililikumbuka kwa mbali. Alikaa ofisini kwetu miezi 4 tu.

"Ndiyo, ni kijana mzuri," nikajibu.

"Mzuri kwa lipi?"

Hapo nikakwama. Nikababaika, nikasema ana bidii, anaelewana na wenzake. Mama akashukuru, akakata simu. Baadaye nikasikia kijana hakuipata kazi. Sijui kama ni mimi niliyemwangusha, ila najua sikumsaidia. Anayeuliza akisikia kigugumizi, anadhani kuna jambo unalificha. Kumbe masikini wa Mungu, sikuwa nimeambiwa tu!

Ndiyo maana barua niliyoipata mwezi uliopita nimeona niwaonyeshe. Imetoka kwa binti aliyewahi kufanya kazi chini yangu, na ameniruhusu niichape bila jina lake:

"Shikamoo Dada. Ni mimi niliyekuwa nikishughulikia ukurasa wa mapishi, Februari 2022 hadi Juni 2023. Naomba kazi ya ofisa mawasiliano kwenye shirika moja la afya, na mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Wanataka wadhamini 3, mmoja awe bosi wa zamani. Je, unaona unaweza kunisemea vizuri? Nadhani watauliza kama nipo makini na kazi. Labda unakumbuka toleo la Ramadhani 2023, nilipokuta kosa kwenye vipimo nikawapigia wapishi wote 11 kuhakiki upya. Najua pia niliondoka kwa notisi ya siku 4, gazeti likikaribia kwenda kiwandani. Lilikuwa kosa langu, na wakikuuliza sikuombi ulifiche. Nimeambatanisha wasifu wangu na tangazo la kazi. Kama huwezi, niambie tu kabla ya Jumatano nimwombe mwingine. Sitakwazika."

Niseme ukweli, zile siku 4 zilikuwa bado zinaniuma. Sheria yetu ya kazi inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na yeye alituachia kurasa 6 tupu. Mume wangu alipoisoma barua akacheka: "Si huyu uliyekuwa unamlalamikia kila jioni?" Ndiye huyo huyo.

Lakini tazama alivyofanya. Amenipa tarehe na tukio moja ninaloweza kulisimulia, kwa hiyo nikiulizwa "mzuri kwa lipi?" nina la kusema: wapishi 11, simu 11. Halafu hakuniuliza kama naweza kuwa mdhamini, maana hapo wengi tunakubali kwa kuona aibu. Ameuliza kama naweza kumsemea vizuri, akaniachia na mlango wa kutokea. Bosi anayekataa mapema hakudhuru. Anayekuua ni yule aliyekubali kwa kinyongo.

Kilichonigusa zaidi ni zile siku 4. Wanaopiga simu hupenda kumalizia na swali moja: "Ungemwajiri tena?" Angelinyamazia lile kosa, hapo ndipo ningesita, na kusita kwangu kungekuwa ndiyo jibu.

Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba nakubali, kwamba la notisi nikiulizwa nitalisema, na kwamba aandike namba yangu ya ofisini, siyo ile inayoita nikiwa kwenye foleni.

Wengine mtasema, si nina hati ya utumishi? Ni kweli, sheria inamtaka mwajiri akupe unapoondoka, na idai. Ila hiyo inaeleza ulifanya kazi gani na kwa muda gani. Haisemi ulifanyaje. Ndiyo maana hata matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwenye Utumishi wa Umma huwa yanataka majina ya wadhamini 3.

Jumanne iliyopita wakapiga. Nikasimulia habari ya wapishi. Swali la mwisho likaja kama nilivyolitarajia.

"Ndiyo, ningemwajiri tena," nikasema. "Aliondoka vibaya, na yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha."

Upande wa pili kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia kalamu ikiandika. Majibu bado hayajatoka. Lakini safari hii, yakija vyovyote vile, sitalala nikijiuliza kama ni mimi.

Tukutane mwezi ujao.