Shaaban Robert hakuzaliwa Unguja, wala mwaka 1919

Kwenye mahafali ya darasa la saba hapa Kamsamba, mgeni rasmi alisimama akatoa simu mfukoni, akasoma kwa sauti ya mtu mwenye uhakika: Shaaban Robert, malenga wetu mkuu, alizaliwa Unguja mwaka 1919. Wazazi wakapiga makofi. Watoto, ambao mwalimu wao alikuwa amewaandalia shairi zuri tu, wakaandika mwaka huo kwenye madaftari. Ujumbe wenyewe nilikuwa nimeshaupokea kwa ndugu na marafiki mara kadhaa, kila mara ukiwa na picha ya marehemu, maua mawili na agizo la kuwatumia wengine kumi.

Nimenyamazia mengi katika ujumbe wa namna hiyo, kuanzia limao linalotibu kila kitu hadi mkopo usio na riba. Hili la Shaaban Robert limenishinda, kwa sababu kulipima hakuhitaji maktaba wala safari ya Dodoma. Kunahitaji hesabu ya kutoa, ile tunayowafundisha watoto wa darasa la pili kwa vijiti.

Haya, tutoe. Shaaban Robert alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Mwaka huohuo wa 1926 akaingia kazini, karani katika idara ya forodha, akakaa humo hadi miaka ya arobaini, sehemu ya muda huo akiwa Pangani. Kama alizaliwa mwaka 1919, basi alianza masomo ya Dar es Salaam akiwa na miaka mitatu, na alipokaa kwenye kiti cha karani akaanza kukadiria ushuru wa shehena alikuwa na miaka saba. Miaka saba! Wangu wa miaka saba hajui kufunga kamba za viatu. Lakini tunatakiwa tuamini kwamba serikali ya Mwingereza, yenye uchoyo wake wa kuajiri Mwafrika hata mtu mzima aliyefaulu, ilimpa mtoto wa umri huo kalamu, wino na daftari la ushuru.

Toa kwa mwaka ulio sahihi, yaani 1909, uone mambo yanavyojipanga. Mwaka 1922 ana miaka 13, mvulana wa kupelekwa shule ya mbali. Mwaka 1926 ana 17, kijana aliyemaliza masomo na kupata kazi. Vita ya Ulaya ilipofika Tanga Novemba 1914, Waingereza wakatua kutoka baharini na Wajerumani wakawafukuza, alikuwa mtoto wa kama miaka mitano hivi, maili chache tu kutoka pale.

Kwa asiyependa ajira na shule, ushahidi mwingine umo kwenye jalada la kitabu chake mwenyewe. Wasifu wake unaitwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Sihitaji hata ukifungue. Mtu aliyezaliwa mwaka 1909 anatimiza hamsini mwaka 1959, na huyu alifariki Juni 1962, kwa hiyo alipata miaka ya kutosha kuandika habari za baada ya hamsini. Sasa mchukue wa 1919. Huyo angetimiza hamsini mwaka 1969, miaka saba baada ya kuzikwa Machui. Waliotunga ujumbe ule wanatuambia, bila kujua kwamba wanatuambia, kuwa kitabu hicho kiliandikwa kaburini. Ningependa kumwona mhariri aliyeupokea muswada huo.

Mwaka basi tuuache hapo. Kinachonikera zaidi ni mahali.

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kijiji kilicho kusini mwa mji wa Tanga, jirani na Machui alikozikwa. Bara, si kisiwani. Unguja imetoka wapi? Nadhani baadhi ya watu wamemchanganya na mtu aliyemwandikia wasifu, yaani Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ambaye kweli ni mzaliwa wa Fumba, Unguja. Msomaji wa haraka huona jina la mwandishi na jina la mwimbaji kwenye jalada moja, huona neno Unguja ndani, basi. Lakini hilo ni kosa la macho, na kosa la macho lisingeenea hivi kama halikukuta watu walio tayari kuliamini. Wengi wetu tumekua na imani kwamba Kiswahili kizuri kinazaliwa Unguja peke yake, na akitokea bingwa wa Kiswahili pengine, lazima kitovu chake kitafutiwe nafasi kule.

Sisi wa bonde la Momba mchezo huu tunaujua kwa mpunga. Tunalima, tunavuna, tunakoboa, na gunia likishafika sokoni mjini mchele unaitwa wa Kyela, kwa sababu mnunuzi ameshaamua kwamba mchele unaonukia hauwezi kutoka Kamsamba. Vibambani nayo imenyang'anywa mtu wake hivyohivyo.

Na imani hiyo ni ya kipuuzi hata bila Vibambani. Mathias Mnyampala, mtu wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma, na bahari iko mbali sana na Dodoma. Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi, kitabu ambacho washairi wa pwani wenyewe wamekifuata tangu mwaka 1954, ni mzaliwa wa Ujiji. Saadani Kandoro naye ni wa Ujiji. Euphrase Kezilahabi, aliyezichokoza sheria hizo kwa mashairi yasiyo na vina, alizaliwa Namagondo, Ukerewe, katikati ya ziwa. Kwa Shaaban Robert mwenyewe, wazazi wake hutajwa kuwa wenye asili ya Uyao. Nasubiri ujumbe utakaosema wote hawa walizaliwa Forodhani.

Halafu kuna wale wanaojaribu kusahihisha na kuharibu upya. Mmoja alijibu ujumbe ule kwa kuandika kwamba malenga alizaliwa "mkoani Tanga, Tanganyika, chini ya utawala wa Mwingereza". Mwaka 1909 huyo Mwingereza hakuwepo. Bendera iliyopepea Tanga ilikuwa ya Mjerumani, vita ya Majimaji ilikuwa imezimwa miaka miwili tu iliyopita, na nchi haikuwa imepewa jina la Tanganyika. Jina hilo lilikuja mwaka 1920, wakati Shaaban ni mvulana wa miaka 11. Ukitaka kuandika alipozaliwa, andika kijiji. Kijiji hakihami. Mikoa na nchi ndizo zinazobadilishwa majina na watu wenye mihuri.

Hili mtu wa hapa halihitaji kufundishwa. Mimi nilizaliwa Kamsamba, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya. Leo nyumba ileile iko wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, na mkoa wenyewe umeanza mwaka 2016. Nyumba haijasogea hata hatua moja. Lakini ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilinirudisha nyumbani kwa sababu cheti changu kinasema Mbeya na kitambulisho kinasema Songwe, kana kwamba nimezaliwa mara mbili. Karani alinitazama kama mwizi. Nikamweleza mambo ya kugawanywa kwa mikoa, akaniambia nilete barua ya mtendaji. Mtendaji naye akataka hela ya karatasi. Naomba radhi kwa kuchepuka, ila mtu akishasumbuliwa hivyo kwa sababu ya mahali pa kuzaliwa, hawezi kutulia akiona taifa zima linamhamisha malenga wake kisiwani kwa kubonyeza kidole.

Niliyasema haya mgahawani, na mwalimu mmoja mstaafu, Mzee wetu anayeheshimika kwa kila kitu isipokuwa ubishi, akaja na hoja aliyoiona ni kombora. Alisema: "Tarehe ya kuzaliwa inayotajwa vitabuni ni 1 Januari 1909. Huyo mtu anaitwa Shaaban. Mtoto huitwa Shaaban akizaliwa mwezi wa Shaaban. Je, Januari ile ilikuwa Shaaban?"

Haikuwa. Mwaka wa Kiislamu 1327 ulianza tarehe 23 Januari 1909, kwa hiyo tarehe 1 Januari iliangukia mwezi wa Mfunguo Tatu, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Shaaban iliyotangulia ilianza mwishoni mwa Agosti 1908, na iliyofuata ikaanza katikati ya Agosti 1909. Hapo Mzee ana jambo, na tarehe 1 Januari ni ya kutiliwa shaka hata bila kalenda. Nani asiyejua kwamba tarehe hiyo ndiyo wanayopewa watu ambao wazazi wao hawakuandika siku? Nenda kwenye foleni yoyote ya vitambulisho uwaulize wazee, utadhani wanawake wote wa nchi hii walikuwa wakijifungua usiku wa mwaka mpya. Japokuwa jina nalo si hati. Watoto wangapi wanaitwa Shaaban kwa sababu babu aliitwa Shaaban, na Juma wangapi walizaliwa Jumanne?

Lakini sikiliza alikoipeleka hoja. "Basi," akasema, "kama tarehe haina uhakika, mwaka nao hauna uhakika, na kama mwaka hauna uhakika, 1919 una haki sawa na 1909." Hapo ndipo nilipoisukuma chai pembeni. Tarehe ikisogea kutoka Januari kwenda Agosti, kwa mbele au kwa nyuma, malenga anaongezeka au anapungua miezi michache, na anaingia forodhani akiwa na miaka 17 au karibu na hapo. Hapati tofauti ya miaka kumi. Kutojua siku hakumpi mtu ruhusa ya kubuni muongo. Mimi sijui mama yangu alizaliwa siku gani, lakini najua hakuzaliwa baada yangu.

Wapo pia wanaosema kwa upole kwamba mwaka na kijiji si kitu, la maana ni mafunzo ya mshairi. Hao nawaomba waende kwenye mfuko wao wa pensheni wakaseme mwaka si kitu, la maana ni utumishi wao.

Mzee wa mgahawani hakukata tamaa. Jioni yake alinipigia simu kutafuta suluhu. "Bwana," akasema, "tusigombane. Wewe unasema 1909, wao wanasema 1919. Tukutane katikati, tuandike 1914."

Nikamwambia katikati hiyo inampa malenga miaka 12 siku aliyoajiriwa, na kwamba yeye mwenyewe, kwa miaka yote aliyofundisha, hakuwahi kumwachia mtoto wa miaka 12 hata ufunguo wa stoo ya chaki.