Kazi ya Mfano Nayo ni Kazi

Kuna neno moja limetuchosha sisi tuliomaliza kidato cha nne na kuipenda kalamu. Neno lenyewe ni uzoefu. Unakwenda kuomba kibarua cha uandishi tu, kuhariri vipeperushi au kutafsiri barua, unaulizwa, "Umefanya wapi?" Ukijibu kwamba bado, unaambiwa njoo ujitolee miezi sita kwanza. Miezi sita, jamani! Nauli ya kutoka Busisi hadi Mwanza mjini kila siku analipa nani? Na ukimaliza, uliyoyaandika yametoka bila jina lako au yamebaki kwenye kompyuta ya watu. Unaondoka na barua ya shukrani, na barua ya shukrani haimwonyeshi mtu yeyote kama unajua kujenga sentensi.

Wapo watakaonitajia Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ati mwandishi huvumilia. Haya, tumtazame. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikatoka kitabu mwaka 1980, kwa Kiswahili alichokitafsiri yeye mwenyewe, naye akafariki mwaka uliofuata. Mnauita huo mfano wa subira? Mimi nauita msiba. Mzee wa watu kazi alikuwa nayo mkononi miaka 35, waliokosekana ni wa kuichapa.

Basi tusingoje kuagizwa. Mwajiri anataka kuona kazi, tumtengenezee kazi ya mfano, tuiweke kwenye faili, jina letu juu. Hapo tu ndipo ninapogombana na vijana wenzangu, maana wengi wanaifanya ovyo. Mmoja anachukua benki kubwa ya Dar es Salaam, anaiandikia tangazo jipya lenye maneno matamu, halafu anatamba. Bwana wee, tangazo lile lilikuwa na kasoro gani? Nani alilisoma asilielewe? Hujui, kwa sababu wateja wa benki ile hukuwauliza. Hiyo ni insha ya shule. Mwingine ni mbaya zaidi, anaandika "mteja wangu" wakati mteja hayupo. Mhariri akipiga simu moja, umekwisha, na zile kazi zako za kweli nazo zitaonekana za uongo.

Mimi nilitafuta tatizo la hapa hapa. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya daraja, kilomita tatu hivi kutoka Kigongo, na wale abiria waliokuwa wakisubiri kivuko huku wakinunua samaki na chai hawashuki tena. Anayeuza dagaa sasa hana mteja wa kubahatisha, lazima dagaa wake wavutie. Mkononi mwa mama mmoja nilikuta kipeperushi kilichotolewa na ofisi fulani, kuhusu kukausha dagaa. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Wadau wa mnyororo wa thamani wa mazao ya uvuvi wanahimizwa kuzingatia matumizi ya miundombinu inuka ya ukaushaji ili kupunguza upotevu baada ya uvuvi." Mama alikuwa amefungia vitumbua.

Kwanza sikuandika chochote. Nilikipeleka kipeperushi kwa watu watano wanaoanika dagaa, mmoja mmoja, kila mtu peke yake ili wasiigane. Nilimwomba kila mmoja asome, kisha nikakifunika na kumwuliza swali moja: "Umeambiwa ufanye nini kesho asubuhi?" Siyo "Umeelewa?" Ukimwuliza mtu mzima kama ameelewa atakuitikia ndiyo, kwa heshima tu. Aliyetaja kuanika juu ya chanja alikuwa mmoja. Wawili walidhani wanaitwa kwenye mkutano, kwa ajili ya lile neno "wadau". Waliobaki walisema ni mambo ya serikali.

Halafu nikaenda kwa mama anayeanika kwenye chanja, anieleze kwa nini, maana mwandishi asiyelijua jambo atapamba maneno tu. Akanionyesha. Dagaa aliyeanikwa chini hushika mchanga, na unyevu wa ardhi humchelewesha kukauka upande wa chini. Juu ya wavu hewa hupita pande zote mbili. Mvua ikitishia, unafunika kwa turubai pale pale, badala ya kuhangaika kuwakusanya mchangani.

Ndipo nikajiwekea masharti kama ya mteja: karatasi moja, upande mmoja, wino mweusi ili itoke vizuri kwenye fotokopi, na siku tatu, basi. Kazi isiyo na masharti haimwambii mwajiri kitu. Sentensi yangu ya kwanza ikawa: "Anika dagaa juu ya chanja, usiwaanike chini mchangani." Neno "wadau" likatoka, kwa sababu msomaji ni yule anayeshika kipeperushi, na kumwita "wewe" kunatosha. Sababu nikaiweka baada ya agizo, siyo kabla, kwani wale watano walikuwa wanachoka kabla ya kufika kwenye kitenzi.

Toleo jipya nililipeleka kwa watu watano wengine. Wale wa kwanza hawafai tena, maana swali wanalijua na wamekwisha kulijadili nyumbani. Swali likawa lile lile. Wanne walisema chanja. Wa tano aliniuliza wavu atapata wapi na kwa bei gani. Kipeperushi cha awali hakikusema, nami sikubuni bei. Katika maelezo yangu nimeliandika swali lake kama lilivyo: hapa maneno yamefikia mwisho, kinachotakiwa ni fedha.

Maelezo yenyewe ni kurasa mbili. Juu kabisa nimeandika: "Kazi ya mfano. Haikuagizwa na mtu." Kisha kipeperushi cha zamani, jina la ofisi limefutwa, na changu pembeni yake. Kisha nani alisoma, niliuliza nini, walijibu nini. Majina ya wasomaji hayamo, na kila mmoja alikubali nimwandike. Sikuandika asilimia hata moja, kwani watu watano ni watano. Ukiwageuza kuwa "asilimia 80" unamdanganya anayesoma. Wala sikusema kwamba dagaa wa Busisi sasa wanauzika zaidi. Sikupima mauzo, nilipima kama mtu anaweza kurudia alichoambiwa.

Ninajua mtakachonijibu: kazi ya mfano haina bosi wa kukataa, haina malipo ya kuchelewa. Kweli. Haionyeshi kama utamvumilia mteja anayebadili mawazo usiku wa manane. Lakini na huko kujitolea kwenu, ni wangapi wanaopewa mteja? Wanapewa chai ya kuchemsha na bahasha za kupeleka.

Tatu kama hizo zinatosha faili. Anayetaka kutafsiri atafsiri ukurasa mmoja na kueleza maneno matatu yaliyomsumbua na kwa nini alichagua aliyochagua. Anayetaka gazeti aandike habari ya kijijini kwake, yenye watu waliohojiwa kweli. Riwaya yangu mimi sijaiweka humo, ingawa ndiyo ninayoipenda. Haimsaidii mtu anayetafuta wa kunyoosha vipeperushi.

Na ninyi wahariri na wakubwa wa ofisi, kama kurasa zetu hamziamini, dawa ipo. Tupeni ukurasa mmoja uliovurugika, kalamu nyekundu na saa moja, pale pale mezani kwenu. Mkishaona, ndipo mtuambie habari ya miezi sita, na mtutajie na mshahara wake.