UKIMWALIKA MTU KWA HIARI, MWAMBIE WAZI KUWA NI HIARI



Ndugu zangu katika imani, leo nazungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni maneno tunayoandika tunapowaita watu kwenye vikao vyetu: vya kamati ya msikiti, vya harusi, vya madrasa, vya ukoo.

Ujumbe wetu karibu wote ni mmoja. Katibu anaandika kwenye kundi la wasapu: "Mnaombwa nyote kuhudhuria bila kukosa." Kundi lina watu sitini. Wanaohitajika ni saba. Hao hamsini na tatu waliobaki umewafanya nini? Umewawekea deni. Wengine watakuja kukaa kimya saa mbili nzima. Wengine watatuma udhuru mrefu ambao hukuuhitaji. Na wengine, baada ya mara tatu, watajua kwamba neno lako "bila kukosa" halina maana, na siku utakapowahitaji kweli hawatakuja.

Sasa tazama fiqhi yetu ilivyolichukua jambo hili kwa makini. Kuitikia mwaliko ni katika haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, na walima ya ndoa wanazuoni wengi wamesema ni wajibu kuuitikia. Lakini wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu pwani hii, wameweka masharti. Mojawapo ni kwamba mtu awe amekusudiwa yeye mwenyewe. Mwenye shughuli akifungua mlango akasema anayetaka aingie, wajibu haumpati mtu. Na wamesema pia: mwenye shughuli akimwambia mtu aje akipenda, hapo kuitikia hakumlazimu.

Umeona, ndugu yangu? Shughuli ni ile ile, na pilau ni ile ile. Kilichobadilisha hukumu ni neno la mwalikaji. Sisemi kwamba kikao cha kamati ni walima. Nasema masikio ya watu wetu yamelelewa katika adabu hiyo. Mtu mzima ukimtaja jina, anajiona amefungwa. Kama hukukusudia kumfunga, ni juu yako kumfungua, na umfungue kwa maneno.

Dalili nzuri kuliko zote naiona katika kisa cha Barira, radhi za Allah ziwe juu yake, alichokipokea Imamu Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas. Barira alipoachwa huru alipata hiari ya kuachana na mumewe Mughithi, ambaye alikuwa bado mtumwa. Mughithi akawa anamfuata nyuma, analia mpaka machozi yanatiririka kwenye ndevu. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamshauri Barira amrudie. Barira hakukimbilia kujibu. Aliuliza kwanza kama hiyo ni amri. Mtume akamfahamisha kwamba anaombea tu. Basi Barira akasema hana haja naye, na mambo yakaishia hapo.

Yapime haya mawili. La kwanza, Barira alilazimika kuuliza, kwa sababu ombi likitoka kwa mtu mwenye heshima husikika kama amri. Wewe mwenyekiti, wewe imamu, wewe baba mkubwa, ujue ombi lako haliwi jepesi mpaka uliseme kuwa ni jepesi. La pili, alipokataa hakulaumiwa. Hiari ya kweli hujulikana siku mtu anapoitumia.

Lakini kuna upande wa pili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimwandikia mzee "si lazima uje," peke yake, umemvunjia heshima. Atasoma: hatukuhitaji. Na "ukipata nafasi karibu" nayo haisemi kitu, kwa sababu hivyo hivyo ndivyo tunavyomwambia hata yule tunayemtaka kwa lazima. Atabaki anakisia.

Chukua mfano. Mzee alikuwa mweka hazina wa msikiti miaka mingi, sasa amestaafu na anakaa mbali. Kamati inakaa kujadili nyaya za umeme za madrasa, na mpaka wa kiwanja alichosimamia yeye kununuliwa kwake. Hati zote kamati inazo. Jiulize kwanza: asipokuja, kikao kitakwama? Kama ushahidi wake ndio unaotegemewa, basi huyo si wa hiari, mwambie wazi kuwa anahitajika na mtafutie usafiri. Lakini hapa hakitakwama. Basi usimtupie tangazo la kundi, mpigie simu au mwandikie peke yake namna hii:

"Assalaam alaykum Mzee wangu. Jumamosi baada ya Isha kamati ina kikao cha mambo mawili, nyaya za madrasa na mpaka wa kiwanja. Nakujulisha kwa sababu kiwanja hiki kilinunuliwa mikononi mwako, na si vizuri kizungumzwe nawe huna habari. Wanaoamua ni wanakamati saba na hati tunazo, kwa hiyo kuja ni hiari yako. Ukipenda, la mpaka litaanza saa tatu usiku, na kiti chako kipo. Kama una neno na hutaki kutoka usiku, nipe kwa simu nami nitalifikisha. Jumapili nitakuletea tulichoamua. Usijisumbue kutoa udhuru."

Tazama mpangilio. Heshima imetangulia, na imekuja pamoja na sababu yake mahususi, ndiyo maana neno hiari halikumchoma. Kisha amejua nani anaamua, hivyo hana hofu kwamba atakwamisha kazi. Amejua saa ya jambo linalomhusu, hivyo hakai kusikiliza habari za nyaya. Ameachiwa njia ya kusema bila kuja. Na ameondolewa mzigo wa kujieleza.

Baada ya hapo, timiza. Jumapili mpelekee habari kweli. Usiposema naye, ile hiari itageuka kuwa njia ya kumweka pembeni. Na akikosa, usiseme mbele za watu, "Mzee naye hatukumuona." Neno hilo moja linafuta ujumbe wako wote, na kikao kijacho atakuja na mafua yake kwa kuogopa kusemwa.

Utajuaje kama umekosea? Ukiona wa hiari wote wanakuja kila mara na hawasemi, hawakuamini. Ukiona wanakuja kukuuliza pembeni, "Shekhe, hivi mimi nahitajika?" ujumbe haukueleweka. Ukiona wamenuna, uliwapa ruhusa bila kuwapa heshima.

Na tahadhari moja ya mwisho. Usimfanye wa hiari mtu ambaye uamuzi utamwangukia yeye. Mjane ambaye nyumba yake inapakana na hicho kiwanja, ukimwambia kuja ni hiari halafu mkaupitisha mpaka hayupo, hiyo si adabu, ni hila. Huyo mngojeni, au mfuateni kwake.

Wewe katibu unayesoma hapa, kabla hujatuma tangazo la wiki hii, yagawe majina mafungu mawili. Wanaotakiwa waambie wanatakiwa. Wa hiari waambie kwa nini umewakumbuka, kisha waache huru.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.