Msawazo Na Mkakati Mtawala Si Kitu Kimoja

Jameni, kuna jambo linalonikera katika masomo ya mwanzo ya nadharia ya michezo. Mwanafunzi anaonyeshwa jedwali lenye mkakati mtawala, anaambiwa msawazo ndio huo, halafu anaondoka akidhani mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Siku ya mtihani analetewa jedwali lisilo na mkakati mtawala, naye anaandika "hakuna msawazo". Kumbe upo, tena zaidi ya mmoja.

Tuchukue mfano wa kazi yetu. Wasanidi wawili, A na B, wanaomba kazi moja ya kutengeneza tovuti. Kila mmoja anaandika bei yake bila kujua ya mwenzake: shilingi elfu 60 au elfu 40. Mteja anachukua bei ya chini, na zikilingana anarusha sarafu. Kwa hiyo wote wakiandika 60, kila mmoja ana nusu ya nafasi, yaani wastani wa 30. Wote wakiandika 40, wastani ni 20. (Gharama tuziache kando, na tuseme kila mtu anajali wastani tu.) Nambari ya kwanza ni ya A:

```
          B: 60      B: 40
A: 60     30, 30      0, 40
A: 40     40, 0      20, 20
```

Sasa funika safu ya kulia kwa kiganja. B akiandika 60, A anapata 30 au 40, kwa hiyo bora 40. Funika ya kushoto. B akiandika 40, A anapata 0 au 20, bora tena 40. Jibu la A halibadiliki hata B afanye nini, na huo ndio mkakati mtawala. B naye yuko vivyo hivyo. Wanakutana kwenye 40 na 40.

Makosa ninayoyaona sana ni mtu kulinganisha pembe kwa pembe: "30, 30 inashinda 20, 20, basi wachague 60." Lakini hakuna mchezaji anayeweza kuruka kutoka pembe moja hadi nyingine peke yake. A anapanda au kushuka tu, B anakwenda kushoto au kulia tu. Msawazo ni mahali ambapo hakuna anayefaidika kwa kusogea akiwa peke yake. Hakuna aliyesema ni mahali pazuri!

Na jibu hilo ni la mchezo unaochezwa mara moja. Januari 1950, Merrill Flood na Melvin Dresher wa shirika la RAND huko Marekani waliwachezesha Armen Alchian na John Williams mchezo wa aina hii mara 100 mfululizo. Mara 60 wote wawili walishirikiana, kinyume na mkakati mtawala. John Nash aliwajibu kwamba raundi 100 zinazofuatana ni mchezo mmoja mkubwa, na mkubwa huo si sawa na ule mdogo. Mimi naona alikuwa na haki. Ukijua utakutana tena na mtu kesho, jedwali lako limeshabadilika.

Haya, sasa A na B wamekubaliana kufanya kazi pamoja. Kila mmoja anaanza sehemu yake usiku, simu zimezimwa. A anapenda PHP, B anapenda Python. Wakitumia lugha tofauti, sehemu zao haziungani na wote wanapata sifuri.

```
            B: PHP    B: Python
A: PHP       3, 2       0, 0
A: Python    0, 0       2, 3
```

Rudia kiganja. B akichagua PHP, A anataka PHP. B akichagua Python, A anataka Python. Jibu linabadilika, kwa hiyo mkakati mtawala haupo, wala kwa B. Lakini angalia pembe ya PHP na PHP: A akihama anatoka 3 hadi 0, B akihama anatoka 2 hadi 0. Hakuna wa kuhama. Ile ya Python nayo iko hivyo hivyo. Misawazo miwili, bila mtawala hata mmoja.

Ndiyo maana naona walimu wangeanza na jedwali hili la pili. Mwanafunzi apige mstari chini ya jibu bora la kila mchezaji kwa kila hatua ya mwenzake. Kisanduku chenye mistari miwili ni msawazo. Njia hiyo inafanya kazi kwenye majedwali yote mawili, ilhali kutafuta mtawala kunakuacha njiani kwenye la pili. Baadaye aelezwe kwamba mkakati mtawala ni pale mistari ya mchezaji mmoja inapoangukia mkakati ule ule kila mara.

PHP au Python ipi itachaguliwa? Jedwali halisemi. Hapo unaangalia nje yake, kwa mfano seva ya mteja tayari inaendesha nini.