K si MAX! Acheni kuwavika nyumbu kofia

Leo nimekuja na hasira kidogo, mtanivumilia.

Juzi niliombwa kupitia programu iliyoandikwa na kijana mmoja, fundi mzuri tu, ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi wanyama wa porini wanavyoongezeka. Kwenye skrini kulikuwa na grafu ya nyumbu wa Serengeti, rangi za kupendeza, kila kitu kinasogea. Nikafungua msimbo wenyewe nione ndani kuna nini. Nikakuta hivi:

```
n = n * 1.11
if n > MAX:
    n = MAX
```

Nikamuuliza, "Ndugu yangu, hiyo `MAX` ni nini?" Akanijibu bila wasiwasi, "Si ni ule uwezo wa mbuga kubeba wanyama? Wakifika 1,300,000 mbuga imejaa, hawaongezeki tena. Kama matatu."

Kama matatu! Hapo ndipo damu ilipochemka. Makosa haya si yake peke yake. Nimeyaona kwenye slaidi, kwenye vitabu vya kiada, na kwa watu wazima wenye tai. Basi leo tuyamalize.

Kwanza, mahali ambapo kijana hakukosea

Ile 1.11 hakuiokota njiani. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti na Mara walipohesabiwa kutoka angani walikuwa kama 260,000. Mwaka 1977 walikuwa kama milioni 1.4. Ukigawa ongezeko hilo kwa miaka 16 unapata takriban asilimia 11 kila mwaka, yaani idadi inajizidisha maradufu kila baada ya miaka sita na nusu hivi. Huo ndio ukuaji wa kipeo: kila mwaka unaongeza sehemu ileile ya ulichonacho, na kwa kuwa ulichonacho kinakua, nyongeza nayo inakua.

Sababu ya kulipuka hivyo inajulikana. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia pande hizi miaka ya 1890, ulikuwa ukiua ndama wa nyumbu wanaokaribia mwaka mmoja. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka mbuga wakachanjwa, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu pia. Hakuna aliyemchoma nyumbu sindano hata mmoja.

Sasa tufanye kile wapenzi wa lahajedwali wanachokipenda: shika kona ya seli, vuta chini mpaka mwaka 2020. Utapata nyumbu karibu milioni 129. Eneo lote wanalohama ni kama kilomita za mraba 25,000. Kwa hiyo kila nyumbu ana kipande cha mita 14 kwa 14. Ile ploti yako ya 50 kwa 100 unayoilipia pole pole ingekuwa na nyumbu zaidi ya wawili, na majirani zako wote vilevile, kutoka Mara hadi Ngorongoro. Ng'o! Haikutokea. Baada ya 1977 idadi ilipanda na kushuka, lakini kwa miongo kadhaa imezunguka pale pale, kwenye milioni moja na kitu.

Kijana aliliona hilo, ndiyo maana akaweka kofia. Lakini kofia ni dawa mbaya kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu inamfanya mtu aamini kwamba ameelewa.

Matatu ina kondakta, mbuga haina

Matatu ya watu 14 ikijaa, kondakta anafunga mlango. Wa kumi na tano anabaki stejini, mzima wa afya. Serengeti hakuna kondakta. Mwaka nyumbu wakiwa kwenye kiwango hicho cha kuhimiliwa, majike bado wanazaa, ndama malaki kwa malaki, wengi wao katika wiki chache tu. Mlango haujafungwa hata kidogo. Kinachotokea ni kwamba wanaokufa wamekuwa wengi sawa na wanaozaliwa.

Hiyo ndiyo maana ya K, wala hakuna nyingine. Ni idadi ambayo, kwa hali ilivyo, vizazi na vifo vinalingana. Grafu iliyolala usawa haimaanishi amani. Chini ya ule mstari mtulivu kuna mizoga.

Mbelgiji Pierre-François Verhulst aliiandika hesabu yake mwaka 1838, na baadaye akauita mchoro wake lojistiki. Kwa lugha yetu ya msimbo ni hivi:

```
n, K, r = 260000, 1300000, 0.2
for mwaka in range(1961, 1991):
    print(mwaka, int(n))
    n = n + r * n * (1 - n / K)
```

Tazama ile `(1 - n / K)`. Ndiyo siri yote. Haisubiri mbuga ijae ndipo ipige breki. Inapiga breki tangu nyumbu wa kwanza, ila kidogo kidogo. Hiyo `r` ya 0.2 nimeichagua kwa mfano tu. Wakiwa 260,000, breki inachukua sehemu moja ya tano, na mwaka huo wanaongezeka 41,600. Wakiwa 650,000, yaani nusu ya K, wanaongezeka 65,000, na hapo ndipo nyongeza ilipo kubwa kuliko wakati wowote. Wakiwa 1,170,000, nyongeza imebaki 23,400. Wakifika 1,300,000, ni sifuri. Na wakiizidi, tuseme wamefika 1,560,000, mwaka huo wanapungua 62,400.

Sasa rudi kwenye ile kofia. Nyumbu wake wanakimbia kwa kasi yote mpaka mwaka wa mwisho, kisha wanagonga ukuta na kuganda. Hawapungui kasi, hawawezi kuzidi, hawawezi kushuka. Hakuna mnyama aishiye hivyo.

Lakini nanyi mnaoabudu lojistiki, msicheke sana

Maana najua wapo wanaosoma hapa wakitikisa kichwa, "Mimi nilitumia fomula yenyewe." Haya, endesha ule msimbo. Mwaka 1977 unakupa kama milioni 1.12. Waliohesabiwa walikuwa milioni 1.4. Kuna jambo zaidi: ukitazama hesabu za kweli, kasi ya asilimia haikuwa ikipungua polepole kama fomula inavyotaka. Mwaka 1971 nyumbu walikuwa kama 690,000, na kutoka hapo hadi 1977 waliongezeka haraka hata kuliko miaka kumi ya kwanza.

Kwa nini? Kwa sababu kwenye miaka hiyo ya 1970 mvua za kiangazi ziliongezeka. Nyumbu wa Serengeti hawazuiwi na simba. Wanahamahama, simba wana eneo lao, hawawezi kuwafuata wote. Kinachowazuia ni majani mabichi ya miezi ya kiangazi. Mvua ikinyesha kiangazi, majani yanaongezeka, na K inapanda. Yaani nyumbu walikuwa wakikimbilia mstari, na mstari nao unasogea mbele.

Kwa hiyo mtu aliyekaa mwaka 1977 na zile nambari za jumla peke yake asingeweza kujua kwamba mwisho umefika. Kipeo kingekaa vizuri kwenye data yake kabisa. Angefanya nini basi? Angeacha kutazama jumla, akatazama vifo. Watafiti waliokuwa porini walikuwa wakivunja mifupa ya nyumbu waliokufa kiangazi na kutazama uboho. Mnyama aliyeshiba ana uboho mweupe, mgumu, wa mafuta. Aliyekufa kwa njaa mafuta yake yote yamekwisha, uboho umebaki kama jeli nyekundu. Wanapoongezeka wa jeli, breki imekanyagwa, hata kama jumla bado inapanda.

Mwaka 1993 ukame ukaja. Nyumbu wakashuka hadi chini ya milioni moja. Je, `MAX` yako ilijua hilo?

Hapa ndipo panaponiuma

Mtasema, "Wewe fundi wa programu, nyumbu wa nini? Kofia ya mistari miwili inamdhuru nani?"

Inadhuru hivi. Ukiiandika K kama nambari isiyobadilika, unamfundisha mtoto kwamba ni mali ya ardhi, kama urefu wa mlima. Kwamba mbuga "inabeba" kadhaa, basi, milele. Sasa nenda Narok. Upande wetu wa mpaka kulikuwa na nyumbu wengine, si wale wahamiaji wa Serengeti, bali wale wa Loita, waliokuwa wakikaa nyanda za Loita wakati wa mvua na kuzalia huko. Mwaka 1977 walikuwa kama 120,000. Mwaka 1997 walikuwa kama 20,000. Hawakupigwa na sotoka. Sehemu kubwa ya malisho yao ya mvua, pale pale walipozalia, ililimwa mashamba makubwa ya ngano. Ardhi ilikuwa ileile, lakini K ilibomolewa kwa trekta.

Mtu wa kofia akiona nyumbu wamepungua anasema, "Usijali, wako chini ya uwezo, wataongezeka tena." Kwa nini waongezeke? Uwezo wenyewe umeshuka, na wao wameufuata chini.

Hata Verhulst mwenyewe aliteleza. Alipoikadiria K ya watu wa Ubelgiji mwaka 1845 alipata milioni 6.6. Miaka miwili baadaye akaibadilisha ikawa 9.4. Leo Wabelgiji wamepita milioni 11. Fomula yake haikuwa mbovu. Viwanda, mbolea na meli za chakula viliendelea kubadilisha hali, na K ni mtoto wa hali.

Kwa hiyo, kijana wangu, nilikurudishia msimbo wako na masahihisho matatu. Toa kofia, weka breki. Fanya K isomwe kila mwaka kutoka kwa mvua ya kiangazi na ukubwa wa malisho yaliyobaki, isiwe nambari iliyogandishwa juu ya faili. Na kando ya mstari wa jumla chora mistari miwili, waliozaliwa na waliokufa, ili mwanafunzi aone ikikutana.

Alilalamika kwamba grafu sasa inatetemeka, haipendezi. Ndiyo, inatetemeka. Nenda Loita ukaitazame inavyotetemeka.

Haya, nimemaliza. Anayebisha na aje na nambari.