Kadi ya mpiga kura isifutike

Akina mama, juma hili tunaongea juu ya kadi ya mpiga kura. Hapa Kongo ndiyo tunayotumia kama kitambulisho. Nyingi kati ya zile ambazo CENI ilitoa mwaka 2023 zilifutika jina na picha, na watu wakalazimika kuomba nakala kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba.

Maandishi ya kadi huharibiwa na jua, unyevu na kusuguana. Tukiifunga kwenye kitenge kiunoni, inapata jasho na msuguano pamoja. Tuivalishe mfuko mdogo wa plastiki safi, kisha tuiweke katikati ya vipande viwili vya karatoni ngumu ili isipindike. Plastiki laini yenye harufu kali tuikatae, maana hunata kwenye maandishi na kuyabandua.

Minembwe ukungu huingia hadi ndani ya nyumba. Kwa hiyo kadi ikae ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na ukuta wa udongo na mbali na moto. Kila juma tuichungulie. Tukiona matone ndani ya mfuko, tuitoe na kuianika kivulini. Ikiwa imenata, tusiivute: tukate mfuko pembeni, tuubandue polepole.

Tusiipeleke kufunikwa plastiki kwa mashine ya moto, kwani joto laweza kuifanya nyeusi. Na namba yake tuiandike kwenye daftari leo, ingali inasomeka.